Mwongozo mmoja wa mafuta ya shea, posti nyingi fupi: maswali ambayo wauza vipodozi wa Uganda huuliza mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wauzaji wa Kampala, Jinja, Lira na Arua wanaouza kwa simu zaidi kuliko kwa kaunta. Majibu yote yanatumia bidhaa moja ya mfano: kopo la gramu 200 la mafuta ya shea kutoka kaskazini, lenye mwongozo wa kurasa sita unaoeleza yanakotoka, namna ya kuyapaka, kuyatunza, na nani asiyatumie. Anayeuza losheni, sabuni au mafuta ya nywele anaweza kufuata njia hiyohiyo.

Mwongozo ninao tayari. Kwa nini nisiwatumie wateja faili lote?

Watumie wanaouliza, lakini usitegemee watausoma. Mteja yuko kwenye teksi kutoka Ntinda, bando lake ni la siku moja, na anataka kujua jambo moja tu: haya mafuta naweza kumpaka mtoto? Hatafungua faili la kurasa sita kutafuta sentensi hiyo. Atakuandikia wewe, nawe utajibu kwa mara ya kumi wiki hiyo kitu ambacho kimo ukurasa wa nne.

Mwongozo mrefu usiutupe. Ndiyo shina. Posti zote fupi zinakatwa kutoka humo, na ukitaka kubadilisha jambo unaanzia humo.

Nianze kukata wapi? Aya ya kwanza iwe posti ya kwanza?

Hapana. Wengi hukosea hapa. Mwongozo umepangwa kwa mpangilio wa mwandishi: asili, viambato, matumizi, utunzaji. Mteja hana mpangilio huo. Ukikata kwa aya, posti zako tatu za mwanzo zitahusu mti na historia yake, na aliyenunua kopo jana akakuta mafuta yameyeyuka hatapata msaada wowote.

Kata kwa swali. Fungua mazungumzo ya WhatsApp ya miezi miwili au mitatu iliyopita, na uandike maswali kwa maneno ya wateja wenyewe, bila kuyasafisha. “Dada, mbona yana chembechembe?” “Haya ni ya uso au ya mwili tu?” “Yananuka moshi, ni orijino?” “Yataniondolea madoa?” Kisha chukua mwongozo na utafute jibu la kila swali liko wapi. Pengine majibu mawili yako katika aya moja, na jibu jingine limegawanyika kurasa mbili. Swali lisilo na jibu kwenye mwongozo, liandikie jibu humo kwanza ndipo ulifanye posti. Usipofanya hivyo, baada ya muda posti zako zitasema mambo ambayo mwongozo hauyajui, na msaidizi wako dukani atajibu tofauti nawe.

Nionyeshe mfano kamili.

Hii ni aya moja ya mwongozo wetu, ukurasa wa utunzaji:

“Mafuta haya yanatoka Lango na hayajaongezwa kitu. Shea ya upande huu wa Afrika ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kwa hiyo yakiachwa juani au ndani ya gari huyeyuka. Yakiyeyuka kisha yakapoa polepole, hutokea chembechembe kama unga wa posho. Hayajaharibika, chembe huyeyuka ukizisugua kati ya viganja. Ukitaka yarudi kuwa laini, weka kopo ndani ya maji ya moto yasiyochemka mpaka mafuta yote yawe maji, kisha liingize kwenye friji mpaka yagande. Harufu ya moshi kidogo ni ya kawaida kwa sababu kokwa hukaangwa kabla ya kukamuliwa. Mafuta yaliyochacha yana harufu kali, kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa sana, hayo usiyapake. Tumia kijiko kikavu, funga kifuniko, weka mahali penye kivuli.”

Ndani ya aya hiyo kuna maswali manne tofauti. La kwanza ni la mtu mwenye wasiwasi, aliyefungua kopo sasa hivi. Posti yake:

“Umekuta chembechembe kwenye shea yako? Haijaharibika. Iliyeyuka njiani kwa joto, ikapoa polepole. Chota kidogo, sugua kati ya viganja, chembe zitayeyuka, paka. Ikiwa inanuka kama mafuta ya zamani ya kukaangia, hiyo imechacha: usipake, nitumie picha.”

Jibu limekaa katika sentensi ya pili, kabla ya sababu. Aliyekwishalipa pesa yake anataka kujua kwanza kama amepoteza au hajapoteza. Na sentensi ya mwisho nimeitoa mbali kwenye aya nikaileta hapa, kwa sababu mtu mwenye kopo lililochacha kweli anaweza kusoma posti hii peke yake akaambiwa kila kitu ni sawa.

Swali la pili ni la mtu anayetaka kuyarudisha laini. Hilo ni la video ya sekunde 20 hadi 30: kopo lenye chembe, bakuli la maji ya moto, mafuta yakiwa maji, kopo kwenye friji, kidole kikionyesha ulaini. Maneno yake:

“Shea yenye chembe hurudi laini. Maji ya moto, yasichemke. Subiri mafuta yote yawe maji, hata chembe za chini. Kisha friji moja kwa moja, usiyaache mezani. Yakipoa polepole chembe zitarudi.”

Hapa sababu ni lazima. Sehemu za shea zenye kuganda kwa joto la juu hutangulia kuganda na kujikusanya kama mafuta yanapoa taratibu. Yakipoa haraka, zote huganda pamoja. Mteja hahitaji kuambiwa habari ya mafuta yake kwa undani huo, lakini asipoelezwa kwamba mwendo wa kupoa ndio tatizo, atayayeyusha vizuri kisha ayaache mezani usiku kucha, na asubuhi akuandikie kwamba mbinu yako haifanyi kazi. Asiye na friji aweke kopo lililofungwa vizuri ndani ya beseni la maji baridi.

Swali la tatu, harufu:

“Harufu ya moshi kidogo ni ya kawaida: kokwa za shea hukaangwa kabla ya kukamuliwa. Harufu kali inayochoma pua si ya kawaida. Ukiipata, acha kupaka, niandikie.”

La nne ni utunzaji, na lenyewe ni picha moja ya kijiko kikavu juu ya kopo, na mistari miwili: “Kidole chenye maji huingiza maji kwenye kopo, na ukungu huanzia hapo. Kijiko kikavu, kifuniko, kivuli.”

Aya moja, posti nne. Habari kwamba shea yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi naiweka akiba. Itafaa siku mteja atakapolinganisha kopo lako na lile gumu aliloletewa kutoka Ghana.

Kwa hiyo kurasa sita zinatoa posti ngapi?

Inategemea kurasa zako zina maswali mangapi. Ukurasa wa utunzaji una utajiri. Ukurasa wa asili ya mti unaweza kutoa moja au mbili zenye maana, hasa wakati wa msimu wa matunda. Ukiona unalazimisha, unakata sentensi moja vipande vitatu ili upate idadi, acha. Mteja anayekutana na posti tatu mfululizo zisizojibu kitu huanza kuruka stetasi yako, na hata ile yenye maana ataipita.

Ni kitu gani kisikatwe kamwe?

Onyo linaloambatana na maelekezo. Katika mwongozo mrefu, onyo linaweza kukaa ukurasa wa pili na maelekezo ukurasa wa tatu, na msomaji akapitia yote mawili. Ukikata, maelekezo yanaondoka peke yake.

Chukua mfano wa “Paka usoni kila usiku.” Mwongozo wetu unasema pia: jaribu kwanza kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, subiri siku moja au mbili, ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, usitumie. Na unasema mwenye chunusi nyingi aanze na mwili, kwa sababu ni mafuta mazito. Posti ya uso bila maneno hayo ni posti mbovu hata kama ina picha nzuri. Iandike hivi: “Kabla ya kupaka usoni, jaribu ndani ya kiwiko. Hakuna muwasho baada ya siku moja au mbili? Anza na kiasi kidogo usiku. Una chunusi nyingi? Tumia mwilini tu kwanza.” Imerefuka kidogo, lakini iko kamili.

Kipimo changu ni hiki: mpe posti mtu asiyeijua bidhaa, asione posti nyingine yoyote, umuulize angefanya nini. Akisema jambo ambalo mwongozo unalikataza, posti hiyo haijaiva.

Nikifupisha, maneno yanabadilika maana. Nifanyeje?

Hili linanihangaisha kuliko yote, kwa sababu linagusa afya za watu. Mwongozo unasema “hulainisha ngozi kavu, hata ya mtu mwenye ukurutu, ila haitibu ukurutu”. Posti ikifupishwa kwa haraka inakuwa “inaondoa ukurutu”. Sasa umedai kwamba kipodozi chako ni dawa, na mambo ya dawa Uganda yako chini ya Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA. Zaidi ya sheria, kuna mama ambaye atamwachisha mtoto krimu aliyopewa kliniki kwa sababu yako.

Mfano wa pili ni jua. Shea haitoshi kuwa kinga ya jua, ingawa utaona inauzwa hivyo. Kama mwongozo wako unataja jua, posti iseme wazi: anayekaa juani atumie kinga ya jua yenye SPF iliyoandikwa kwenye chupa, na airudie kila baada ya saa mbili.

Mfano wa tatu ni neno “hung’arisha”. Mwongozo unamaanisha ngozi isiyo na ukavu. Kwenye stetasi, neno hilo likiwa peke yake, mteja anasoma kuwa inachubua. Utapata maswali ya mkorogo, na utavuta wateja wanaotafuta kitu usichouza. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limekataza vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, kwa hiyo hutaki jina lako liwe karibu na mazungumzo hayo. Andika “ngozi haipauki”, na mtu ataelewa unachomaanisha.

Njia rahisi ya kujikinga: mwisho wa mwongozo tengeneza orodha ya maneno yasiyoruhusiwa kwenye posti. Yangu ni inaponya, inatibu, inaondoa kabisa, inachubua, haina madhara. Msaidizi akiandika posti, anaipitisha kwenye orodha hiyo kwanza.

Ipi iende wapi?

Stetasi ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo iwe ya swali linalojirudia, ambalo hutaona haya kulijibu tena mwezi ujao. Chembechembe, harufu, kijiko kikavu: zote za huko.

Kile mteja anachohitaji kukikuta saa yoyote, kama viambato, ujazo, bei na nani asitumie, kiweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, kwenye maelezo ya bidhaa. Na zile posti za matatizo zihifadhi kama majibu ya haraka kwenye programu hiyohiyo. Ukiandika alama ya mkwaju na neno fupi, jibu zima linajitokeza:

```
/chembe
/harufu
/uso
```

Hapa ndipo kazi ya kukata inapolipa zaidi, kuliko hata kwenye stetasi. Mteja anauliza saa tatu usiku, msaidizi anajibu kwa maneno yaliyopimwa, pamoja na onyo lake, bila kubuni.

Ukituma kwa orodha ya matangazo, kumbuka inabeba watu 256 tu, na ujumbe humfikia yule aliyehifadhi namba yako. Wauzaji wengi hulalamika kwamba posti haisomwi kumbe haijafika. Mwambie mteja ahifadhi namba siku anaponunua, bodaboda akiwa bado njiani.

Video ya kuyeyusha inafaa TikTok, kwa sababu watu huitafuta hata wasiokujua. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na wateja wengi hawakurudi huko au huingia kwa VPN. Mimi singeanzia huko.

Picha nipige ipi?

Ile inayojibu swali. Kwa posti ya chembechembe, piga kopo lenye chembe na kopo laini kando kwa kando, dirishani asubuhi, bila filta. Filta huficha chembe zenyewe unazotaka kuonyesha. Picha ya msichana mwenye ngozi inayong’aa haimsaidii mtu mwenye kopo mkononi.

Wateja wangu wengine ni wa Kiganda, wengine Kiswahili. Niandike mara mbili?

Ndiyo, kwa posti zile zenye onyo, na mtu anayezungumza lugha hiyo nyumbani ndiye aziandike. Zile nyepesi weka lugha ambayo wateja wako wanakuandikia. Muuzaji wa Bombo au mpakani Busia atapata maswali mengi ya Kiswahili; wa Masaka pengine machache.

Naweza kurudia posti ileile?

Unaweza, na unapaswa. Badilisha mlango wa kuingilia tu. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, posti ya chembechembe ianze na joto: “Jua hili limeyeyusha shea yako?” Mvua zikianza na asubuhi zikawa baridi, ianze na ugumu: “Mafuta yamekuwa magumu asubuhi? Chota kwa kijiko, yapashe kiganjani.” Kiini hakibadiliki, wala onyo.

Nimebadilisha kopo au ujazo. Posti za zamani zinakuwaje?

Weka daftari au jedwali la simu lenye safu nne: namba ya posti, swali, ukurasa wa mwongozo ilikotoka, na mahali ilipowekwa. Ni kazi ya dakika chache kila posti, na siku ya mabadiliko utashukuru.

Tuseme umetoka kopo la bati la gramu 200 kwenda kopo la plastiki la gramu 150. Unadhani kilichobadilika ni ujazo na bei. Fungua jedwali, tafuta kila posti iliyotoka ukurasa wa utunzaji, na utaona video ya kuyeyusha nayo imeguswa: plastiki nyembamba hulegea kwenye maji ya moto na kifuniko hupinda. Sasa maelekezo yawe kuchotea mafuta kwenye bakuli la glasi au la bati kwanza. Unarekebisha mwongozo, kisha katalogi, kisha jibu la `/chembe` kama linagusa kuyeyusha, kisha unaondoa video ya TikTok na kupiga nyingine. Stetasi zimeshapotea zenyewe.

Zinazosahaulika sana ni majibu ya haraka. Hayaonekani na mtu yeyote mpaka yatumwe, na ndiyo maana bei ya mwaka jana huendelea kutumwa kwa wateja miezi mingi.

Nitajuaje kama posti inafanya kazi?

Angalia swali lake. Ukiweka posti ya harufu na wiki zinazofuata maswali ya harufu yanapungua, imefanya kazi, hata kama ilipata likes chache. Swali likiendelea kuja kutoka kwa watu walioiona posti, kuna sentensi isiyoeleweka. Muulize mmoja wao amesoma nini, kisha rekebisha hapo. Na kama chini ya kila posti watu wanauliza “bei?”, jibu lao liko wazi: andika bei.

Ninauza krimu za kutoka nje. Naweza kukata mwongozo wa msambazaji?

Muombe ruhusa kwanza, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Kisha usome kama mtu wa hapa. Mwongozo ulioandikwa kwa nchi ya baridi utasema “hifadhi kwenye joto la chumba”, ukimaanisha nyuzi 20 hivi. Chumba cha bati Gulu mwezi wa Februari ni kitu kingine. Mwongozo wa shea ya Afrika Magharibi utamwambia mteja achimbe kwa nguvu kwa sababu ni ngumu, na yeye ameshika kopo la Lango linalotiririka. Tazama pia alama ya kopo lililo wazi yenye namba kama 6M au 12M: ni miezi ya kutumia tangu kufungua, na ni posti nzuri kuliko zote za mwongozo wa nje, kwa kuwa wateja wengi hawajawahi kuambiwa inamaanisha nini. Iandike hivi: “Geuza kopo. Umeona kikopo kilichofunguka chenye 12M? Tangu siku unapofungua, una miezi 12. Andika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa kalamu ya wino.”